Mipulizo sita au miligramu 2.5: dozi ya salbutamoli kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye filimbi kifuani

Matabibu na wauguzi wengi wanaoanza kazi katika vituo vya afya vya mkoa wetu wa Tabora huja wakiamini kwamba nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu, ndiyo tiba yenyewe ya mtoto aliyebanwa kifua, na kwamba inhela yenye spesa, yaani chombo kinachopokea mpulizo wa dawa kabla mtoto hajauvuta, ni ya kumpa akisharuhusiwa kwenda nyumbani. Imani hiyo inatokana na hesabu ambayo kwa macho ni sahihi. Dozi ya nebulaiza ya salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni miligramu 2.5, yaani mikrogramu 2,500, ilhali mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida una mikrogramu 100, kwa hiyo hata mipulizo sita haizidi mikrogramu 600. Mtu akiziweka namba hizo sambamba, ataona kama anamnyima mtoto robo tatu ya dawa yake.

Kinachopaswa kulinganishwa, hata hivyo, ni dawa inayofika kwenye mapafu, wala si ile iliyoandikwa kwenye lebo. Katika nebulaiza, sehemu ya dawa hubaki kikombeni mashine inapoanza kukohoa na kutema matone, na sehemu nyingine kubwa hutoka kama ukungu wakati mtoto anatoa pumzi, kwa kuwa mashine haimsubiri avute. Kilicho ndani ya spesa hukaa kwa muda mfupi kikimsubiri mtoto, na matone makubwa ambayo yangeishia kooni hunasa kwenye kuta za chombo, yakabaki yale madogo yanayoweza kuteremka kwenye njia nyembamba za hewa. Ndiyo maana kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha huduma za watoto hospitalini kinaweka njia zote mbili: miligramu 2.5 kwa nebulaiza, au hadi mipulizo sita kwa inhela na spesa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa watoto waliofika na shambulio lisilotishia uhai, idadi ya waliolazwa haikutofautiana kati ya njia hizo mbili, lakini waliotumia spesa walikaa muda mfupi zaidi katika chumba cha dharura na mapigo ya moyo wao yalikuwa chini.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka mitatu, mwenye kilo 13, aliyeletwa na bibi yake kutoka kijiji cha wakulima wa tumbaku upande wa Urambo. Alikuwa na mafua ya siku mbili, na usiku ule alilala karibu na bani la kukaushia tumbaku ambamo kuni zilikuwa zinawaka. Alipofika alikuwa anapumua mara 52 kwa dakika, nyama za katikati ya mbavu zilikuwa zinavutwa ndani, filimbi ilisikika pande zote mbili, na oksijeni kwenye oksimita ilisoma asilimia 93. Aliweza kunywa maji na alimjibu bibi yake kwa maneno mawili matatu. Huyo ana shambulio la wastani: anabanwa kweli, lakini hajachoka, hajabadilika rangi, na oksijeni yake haijashuka chini ya asilimia 90.

Bibi aliomba mashine, kwa sababu safari iliyopita mjukuu wake aliwekewa mashine akapona. Muuguzi alimjibu, "Bibi, dawa ni ile ile. Humu inapita kidogo kidogo, na wewe mwenyewe utaiona inavyoingia." Jibu hilo lilitosha, na ninalipendekeza, kwa kuwa linamfanya mlezi atazame kazi badala ya kuitilia shaka.

Mtoto alikalishwa mapajani, mgongo ukiegemea kifua cha bibi. Inhela ilitikiswa, ikachomekwa, barakoa ikabanwa juu ya pua na mdomo bila kuacha mwanya, kisha ukabonyezwa mpulizo mmoja. Muuguzi alihesabu pumzi sita akitazama vali ndogo ya spesa ikifunguka na kujifunga, akaondoa barakoa, akatikisa tena, akarudia. Mipulizo sita kwa mwendo huo huchukua dakika chache tu, wakati nebulaiza yenye mililita nne huchukua karibu dakika kumi, ukiacha muda wa kuosha kikombe na kusubiri umeme ukiwa umekatika.

Dakika 20 baadaye mtoto alikuwa anapumua mara 44, oksijeni asilimia 95, filimbi bado ipo. Alipewa mipulizo sita mingine. Baada ya dakika 20 nyingine pumzi zilikuwa 36, mbavu zimetulia, na filimbi ilisikika tu mwishoni mwa pumzi ya kutoka. Angekuwa bado amebanwa, angepewa awamu ya tatu ndani ya saa hiyo hiyo ya kwanza, na kama nayo isingemsaidia, angelazwa. Angalieni hesabu ya pumzi ilivyobadilisha uamuzi mwingine pia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka, na angepimwa mara moja tu alipoingia angeandikiwa nimonia na amoksisilini. Mwenye filimbi hupewa kwanza salbutamoli, kisha huhesabiwa upya kabla ya kuamua kama ana nimonia au la.

Sasa nizungumzie yanayoharibu dozi ya spesa, kwa sababu usawa nilioueleza unasimama pale tu kazi inapofanywa vizuri. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kubonyeza mipulizo miwili au mitatu kwa mkupuo ili kuokoa muda. Matone hugongana na kunasa kwenye kuta, na mtoto hupata pungufu kuliko ambavyo angepata kwa mmoja mmoja. La pili ni barakoa inayoelea sentimita moja mbele ya uso kwa kuogopa kumkera mtoto. Mwanya huo mdogo unatosha kupoteza sehemu kubwa ya dawa, na kosa hilo hilo huharibu nebulaiza pia, pale mama anapoachiwa ashike kikombe karibu na pua ya mtoto aliyelala. La tatu ni kilio. Wengi hudhani mtoto anayelia anavuta dawa nyingi kwa kuwa anavuta pumzi kwa nguvu, lakini kilio ni pumzi ndefu ya kutoka na mvuto mfupi wa ghafla, na mvuto huo huibamiza dawa kooni. Afadhali kupoteza dakika mbili mtoto achezee barakoa tupu, abembelezwe na mlezi wake, kisha ndipo uanze.

Spesa ya plastiki ina tatizo jingine lisiloonekana, nalo ni umeme tuli unaovuta dawa kwenye kuta. Huondolewa kwa kuiosha kwa maji yenye sabuni ya vyombo na kuiacha ikauke yenyewe bila kuisuuza na bila kuipangusa kwa kitambaa, maana kusugua ndiko kunakoleta umeme huo. Barakoa peke yake isuuzeni, kwa kuwa inagusa uso.

Spesa ya dukani ikikosekana, chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita inafaa. Kata tundu kwenye kitako cha chupa lenye umbo la mdomo wa inhela, ondoa robo ya juu ya chupa, kata alama ya V ndogo ya kukaa juu ya pua, kisha pitisha ukingo kwenye mwali wa mshumaa ili ulainike usimkate mtoto. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999, kwa watoto wa miaka mitano na zaidi, ulionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani, na ile isiyozibwa ilikuwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo msiridhike na tundu linaloshika kwa kubahatisha. Zungusheni plasta mpaka hewa isipite.

Nebulaiza nayo ina makosa yake ya dozi, na moja ni la hatari. Salbutamoli ya nebulaiza huja katika nguvu tofauti: kuna vichupa vya dozi moja vyenye miligramu 2.5 katika mililita 2.5, na kuna chupa kubwa yenye miligramu 5 katika kila mililita moja. Ya kwanza humiminwa yote. Ya pili huvutwa nusu mililita tu kwa bomba la sindano, ikaongezwa maji ya dripu yenye chumvi asilimia 0.9 hadi kufika mililita tatu au nne. Anayevuta mililita 2.5 kutoka chupa kubwa amempa mtoto miligramu 12.5, na atamkuta anatetemeka, moyo ukikimbia, huku potasiamu ya damu ikishuka bila kuonekana. Maji matupu yasitumike kuchanganyia, kwa kuwa yenyewe yanaweza kukibana kifua.

Yapo mazingira ambamo nebulaiza inastahili kutangulia. Mtoto aliyechoka, anayeshindwa kunywa au kuongea, mwenye oksijeni chini ya asilimia 90, au ambaye kifua chake kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena hata ya kutoa filimbi, huyo apewe oksijeni mara moja, na dawa ipulizwe kwa oksijeni ya lita 6 hadi 8 kwa dakika. Hapa vituo vyetu vidogo hukwama, kwa kuwa mashine nyingi za kuzalisha oksijeni hufika mwisho kwenye lita 5, na mkondo huo hautengenezi ukungu mzuri: dawa huchemka polepole kikombeni huku sote tukidhani mtoto anatibiwa. Ikiwa hakuna mtungi wa oksijeni, mwekeeni oksijeni kwa mirija ya puani, iacheni iendelee, na mpeni mipulizo sita kwa spesa juu yake, mkirudia mara kadhaa ndani ya saa wakati rufaa inaandaliwa. Msimwondolee oksijeni ili kumpisha kwenye mashine ya umeme inayosukuma hewa ya chumbani.

Yule mtoto wa Urambo aliangaliwa kwa saa nyingine moja, kisha akaruhusiwa na inhela pamoja na spesa ile ile aliyotibiwa nayo. Kabla ya kuondoka bibi alitakiwa ampe mpulizo mmoja mbele ya muuguzi, akahesabu pumzi kwa sauti, akasahihishwa mara moja tu kuhusu kutikisa. Aliambiwa ampe mipulizo miwili hadi minne kila baada ya saa nne hadi sita kadiri anavyobanwa, amlaze mbali na bani, na kwamba akiona nafuu haidumu hata saa nne kabla mtoto hajabanwa tena, amrudishe kituoni siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.