Maswali yenu: RMSE ya leya ya barabara

Shikamoo mwalimu. Nilipofunga ramani ya zamani ya Moshi kwenye koordineti zake, programu ilionyesha RMSE, yaani kipeo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa, ya mita 0.8. Niiandike kwenye ripoti ya barabara nilizochora?

Marahaba. Usiiandike. Hiyo 0.8 inaonyesha tu jinsi ramani ilivyokubaliana na pointi zilezile ulizoifungia. Ukiifunga kwa njia ya afini kwa pointi 3 pekee, kosa litasoma 0 hata kama moja umeibofya kwenye njia panda isiyo yake. Wala haina habari za mkono wako uliokuwa ukifuatisha barabara. Unahitaji pointi nyingine, ambazo hazikutumika kufunga, zilizopimwa uwanjani kwa kifaa chenye usahihi angalau mara tatu ya ule unaoutarajia kwenye leya. GPS ya simu, inayokosea mita kadhaa yenyewe, haifai hapa.

Pointi ngapi, na nizichukue wapi?

NSSDA, kiwango cha Marekani cha 1998 cha usahihi wa data za ramani, kinataka zisipungue 20, na zisambae eneo lote. Chagua njia panda ambapo barabara mbili nyembamba zinakatana karibu na pembe mraba. Kiplefti kiache: kila mtu ana katikati yake.

Nimeshapima. Nakokotoaje?

Kwa kila pointi, toa koordineti ya uwanjani kwenye ile ya leya, zote zikiwa kwenye mfumo mmoja. (Ukiona tofauti ya karibu mita 300 kaskazini-kusini, kuna sehemu umechanganya Arc 1960 na WGS 84.) Kisha:

```
RMSE = sqrt( jumla(dx^2 + dy^2) / n )
```

Nachukua pointi 5 ili hesabu ionekane. Tuseme dx, yaani mashariki, ni 3, 4, 2, 5, 4. Na dy ni -1, 1, 0, 2, -2. Miraba ya dx inajumlika 70, ya dy 10. Jumla 80, gawa kwa 5 upate 16, kipeo chake cha pili ni mita 4.0.

Usiishie hapo, tazama alama za dx: zote ni chanya. Wastani wa dx ni 3.6, wa dy ni 0. Leya nzima imesogea mashariki, na RMSE peke yake isingekuambia. Ndiyo maana nasisitiza wastani uandikwe kando yake. Katika hali hii pia usizidishe 4.0 kwa 1.7308 kupata kosa la kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kanuni hiyo inadai makosa yasiyoegemea upande mmoja, na RMSE ya x na ya y ziwe zinakaribiana. Hapa ni 3.74 na 1.41.

Basi nikiirudisha leya magharibi mita 3.6, si nimemaliza?

Kosa litashuka hadi mita 1.74, ila namba hiyo usiiripoti. Pointi ulizorekebishia zimeshakuwa za kufungia, zimerudi kundi lilelile la ile 0.8. Tafuta kwanza chanzo, mara nyingi ni pointi moja mbaya ya kufungia. Rekebisha, halafu rudi uwanjani upime pointi mpya. RMSE ya hizo ndiyo ya ripoti, pamoja na idadi yake na kifaa ulichotumia.