Kebo mbili kati ya swichi mbili

"Niliunganisha swichi mbili kwa kebo mbili ili moja ikikatika nyingine ibebe. Ofisi nzima hapa Mbarara imekwama. Kebo ni mbovu?"

Kebo ni nzima, kaka. Kompyuta moja ikitoa tangazo la kuulizia anwani, swichi ya kwanza hulitoa kwenye milango mingine yote, kebo zote mbili zikiwemo. Swichi ya pili ikilipokea kwa kebo hii hulirudisha kwa ile, na la kebo ile hulirudisha kwa hii. Nakala mbili zinazunguka bila kukoma, na kila tangazo jipya huongeza mbili nyingine. Wapo wanaosema pakiti hufa zenyewe, kwa kuwa hubeba hesabu inayopungua kila zikipita hadi iishe; hilo ni sahihi kwenye ruta tu. Hesabu hiyo swichi haiigusi. Dalili: taa za milango yote hupepesa kwa fujo, ukichomoa kebo moja zinatulia.

Washa spaning-trii, utaratibu wa swichi wa kuzuia mzunguko huu. Swichi zitaandikiana, yenye kitambulisho kidogo zaidi iwe mzizi, na nyingine ibakize njia moja ya kuufikia, ifunge mlango wa pili. Kebo ya akiba inabaki imechomekwa. Ya kwanza ikikatika, toleo la zamani la spaning-trii hungoja kama sekunde 30 kabla ya kuufungua mlango huo. Kwenye Cisco andika `show spanning-tree`, mlango uliofungwa utasomeka `BLK`. Swichi za bei rahisi zisizo na mipangilio kwa kawaida hazina kitu hiki. Hapo acha kebo moja.

"Kwangu Jinja kebo ni moja tu na bado inatokea."

Dada, kagua chini ya meza: huenda waya mmoja umechomekwa ncha zote mbili ukutani, ukafanya mzunguko uleule.