Maji hunywa joto mara mbili ya mafuta

Swali la wiki: "Nina jiko moja la umeme na sufuria mbili zinazofanana. Lita moja ya mafuta ya kupikia inapata moto upesi, lita moja ya maji inakaa mno. Mafuta si ndiyo mazito? Mbona maji ndiyo yanayochelewa?"

Nianze na hilo neno "mazito", maana ndilo linalowapoteza wengi. Tukisema mafuta ni mazito, kama tunavyosema uji ni mzito, tunazungumzia namna yanavyomiminika: yanavutika, hayakimbii kama maji. Mizani haina habari na hilo. Lita moja ya maji ina kilo moja, na lita moja ya mafuta ya alizeti ina gramu 920 hivi, ndiyo maana mafuta huelea juu ya mchuzi. Katika sufuria zako mbili, ya mafuta ndiyo nyepesi. Lakini tofauti hiyo ni ndogo. Hata ukipima kilo moja ya kila kimoja, maji bado yatachelewa, na yatachelewa sana.

Ninafundisha fizikia sekondari hapa Tanga, na kabla ya kugusa kipimajoto chochote nilikua kando ya karai la mama, aliyekuwa akiuza maandazi asubuhi. Swali hili nimeishi nalo pande zote mbili. Wanafunzi wangu huanza kulielewa siku wanapotenganisha vitu viwili ambavyo lugha yetu ya kila siku inaviita kwa jina moja. Kuna joto, yaani kile ambacho jiko linakitoa na chombo kinakipokea. Tunalipima kwa jouli. Halafu kuna jotoridi, yaani kile ambacho kipimajoto kinakionyesha, kwa nyuzi. Chukua kikombe cha maji ukimimine kwenye chupa nyembamba, kisha kingine kama hicho ukimimine kwenye beseni. Umemimina kiasi kilekile, lakini kwenye chupa maji yamepanda hadi shingoni na kwenye beseni hayajafunika hata vidole. Joto linaloingia ni kikombe, jotoridi ni kimo cha maji. Mafuta ni chupa, maji ni beseni.

Upana wa beseni hilo una jina: uwezo mahususi wa joto. Ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha kilo moja ya kitu kwa uzi mmoja. Kwa maji ni jouli 4,200 hivi. Kwa mafuta ya kupikia ni karibu 2,000, yakipungua au kuzidi kidogo kulingana na aina ya mafuta na yalivyokwisha kupata moto.

Sasa turudi kwenye lita zako. Tuseme jiko linaingiza ndani ya sufuria jouli 500 kila sekunde, na vyote viwili vimeanzia nyuzi 25. Ili maji yafike nyuzi 100 yanatakiwa kupanda nyuzi 75, na kila uzi unadai jouli 4,200. Jumla ni jouli 315,000, yaani dakika 10 na nusu. Mafuta ni gramu 920 tu, kwa hiyo kila uzi unadai jouli 1,840, na safari ileile ya nyuzi 75 inamalizika kwa jouli 138,000. Hizo ni dakika 4 na nusu. Na ukiyaacha mafuta yaendelee mpaka nyuzi 180, moto wa kukaangia maandazi, yatakuwa yametumia dakika 9 na nusu. Hapo ndipo ninapowaona wanafunzi wakiacha kalamu: mafuta yanafika kwenye moto wa kukaangia kabla maji hayajachemka.

Mtu wa kwanza kulitambua jambo hili vizuri alikuwa Joseph Black, aliyefundisha Glasgow, Uskoti, miaka ya 1760. Wakati huo wasomi wengi walidhani kitu kizito zaidi lazima kidai joto zaidi, kama ulivyodhani wewe. Black aliangalia zebaki. Zebaki ina uzito mara 13 na nusu wa maji ya ujazo uleule, na bado inapata moto upesi kuliko maji. Akaona kwamba kila kitu kina nafasi yake ya kupokea joto, na nafasi hiyo huwezi kuikisia kwa uzito. Ni lazima uipime.

Lakini kwa nini beseni la maji ni pana hivyo? Jibu limo katika namna molekuli za maji zinavyoshikana. Molekuli ya maji ni ndogo sana, oksijeni moja na hidrojeni mbili, na hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Kila molekuli inaweza kuwashika majirani hadi wanne. Joto linapoingia, sehemu yake inazifanya molekuli zicheze kwa kasi zaidi, na sehemu hiyo ndiyo kipimajoto kinayoiona. Sehemu nyingine inatumika kulegeza na kukata mishiko hiyo, na kipimajoto hakiioni. Umelipia joto, limeingia kweli, lakini namba haipandi kwa kadiri uliyolipa. Molekuli za mafuta ni ndefu, zenye mikia mitatu, na zinapitana kwa mvuto hafifu zaidi. Hakuna mishiko mingi ya kukatwa, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya joto inaonekana kwenye kipimajoto.

Kuna ushahidi wa hili ninaoupenda kuliko maelezo yoyote. Barafu ni molekuli zilezile za maji, lakini uwezo wake mahususi wa joto ni karibu 2,100, nusu ya maji ya kawaida. Ndani ya barafu mishiko imekaa imara, joto haliikati mpaka ifike saa ya kuyeyuka. Mvuke nao uko karibu na 2,000, kwa sababu humo molekuli zimekwisha kuachana. Ni pale katikati tu, maji yanapokuwa maji, mishiko ikiwa inashikana na kuachana kila wakati, ndipo yanapodai mara mbili. Kama sababu ingekuwa molekuli zenyewe peke yake, barafu na mvuke navyo vingekuwa na namba ileile.

Ukitaka kupima mwenyewe nyumbani, pima gramu 500 za kila kimoja kwa mizani, si kwa kikombe. Tumia sufuria ileile mara zote mbili, na baada ya zamu ya kwanza liache jiko lipoe kabisa, la sivyo zamu ya pili itaanza na sahani yenye moto na utakilaumu kitu kisichohusika. Pima muda kutoka nyuzi 30 hadi 60 tu. Ukienda juu zaidi maji huanza kupoteza joto kwa mvuke, na hesabu inachanganyika. Koroga muda wote, hasa mafuta. Kwa kuwa yanavutika, hayajizungushi vizuri kama maji. Ya chini yanapata moto huku ya juu bado. Utajua hukukoroga vya kutosha ukiona namba inaruka ghafla mara tu unapoingiza kijiko. Na kipimajoto kisiguse chini ya sufuria.

Jambo moja litakushangaza. Hutapata tofauti ya mara mbili kamili. Sufuria ya alumini ya gramu 400 nayo inakunywa joto, jouli 360 hivi kwa kila uzi, na inakunywa kiasi hicho hicho iwe imebeba maji au mafuta. Ukiiingiza kwenye hesabu, maji na sufuria yake yanadai jouli 73,800 kwa nyuzi hizo 30, mafuta na sufuria yake 40,800. Ukigawanya unapata mara 1.8. Mwanafunzi akiniletea 1.8 najua amepima kweli. Akiniletea 2.1 kamili, naomba anionyeshe alivyofanya.

Ninachotaka hasa msomaji akichukue kipo upande wa pili wa jambo hili, maana watu huuliza habari za kupata moto na kusahau kupoa. Kitu kinachopata moto kwa joto kidogo hupoa vilevile kwa kupoteza joto kidogo. Mama alikuwa na desturi ambayo sikuielewa nilipokuwa mtoto: hakujaza karai. Alitia maandazi machache, akayageuza, akayaopoa, akangoja kidogo kabla ya kutia mengine, hata wateja walipokuwa wamejipanga wakienda kazini. Chukua lita moja ya mafuta iliyofika nyuzi 180, utumbukize kwa mara moja gramu 300 za donge lililo kwenye nyuzi 30. Donge lina maji mengi ndani yake, kwa hiyo uwezo wake wa joto uko juu ya ule wa mafuta, karibu 2,700 kwa kilo. Wakigawana joto, moto usipoongeza kitu, mafuta yanashuka hadi kama nyuzi 135. Na hapo sijahesabu joto linalochukuliwa na maji ya donge yanapogeuka mvuke, yale mapovu unayoyaona, ambalo ni kubwa.

Kwenye nyuzi 135 andazi haligandi upesi kwa nje. Linakaa ndani ya mafuta muda mrefu, linatoka zito, rangi imepauka, na ukilibana kwa karatasi linaacha doa pana. Watu husema mafuta ni mabaya au unga ni mbaya. Mara nyingi ni kwamba mafuta hayana akiba kubwa ya joto, na umeitoa yote kwa mkupuo mmoja. Gramu 100 za donge kwa lita ileile zingeyashusha nyuzi 20 tu hivi, na jiko lingeweza kuzirudisha kabla ya kugeuza upande wa pili.

Na kwa sababu hiyohiyo usiyaache mafuta jikoni ukaenda kuchota maji. Maji yakifika nyuzi 100 hapa pwani yanasimama hapo. Moto wote unaoongeza unatoka na mvuke. Mafuta hayana kituo kama hicho. Kwenye jiko letu la mfano, lita moja ikishafika 180, kila dakika inaongeza nyuzi 16 hivi. Baada ya dakika chache unaona moshi mwembamba wa buluu ukitoka juu ya karai, na harufu inakuwasha pua. Hapo zima jiko, funika kwa mfuniko mkavu, na usitie hata tone la maji.