Maswali ya Wasafiri: Ndege Ipo, Wewe Je?

Wakala amenitumia karatasi ya safari, jina sahihi, tarehe sahihi. Kuna haja ya kuhangaika tena? (Msomaji, Njiro)

Ipo. Karatasi hiyo inaonyesha hali ilivyokuwa siku ilipochapwa. Tazama kama ina namba ya tiketi, yaani tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika la ndege. Ukiona zile herufi sita za buking peke yake, huenda umeshikiwa nafasi tu, na muda wa kulipia ukipita mfumo unaifuta bila kumwita mtu.

Halafu uliza buking hiyo ina simu na barua pepe ya nani. Nimeliandika hili mpaka kalamu imechoka: mawakala wengi huweka za kwao. Ratiba ikibadilika, taarifa inakwenda kwa wakala, naye akiwa msibani Rombo, wewe utajulia uwanjani.

Nimeingiza namba ya ndege kwenye simu, inasema iko kwa wakati. Inatosha? (Baba wawili, Sakina)

Haitoshi, baba. Hapo umeambiwa ndege itaruka. Hukuambiwa kama wewe umo ndani.

Jirani yangu mmoja, mama wa Machame, alikuwa anakwenda Uingereza kumwona mjukuu. Tiketi ilikatwa miezi mitano kabla: atoke KIA jioni, afike mji wa kuunganishia saa 3:20 usiku, ndege ya pili iondoke saa 5:10. Karibu saa mbili za kupumua. Katikati ya miezi hiyo shirika likaisogeza ndege ya KIA mbele kwa saa moja na nusu. Sasa angefika saa 4:50, zikibaki dakika 20 tu, na hakuna uwanja mkubwa utakaokuvusha kwa dakika 20. Ukitafuta namba za ndege, zote mbili zilikuwa kwa wakati! Zilikuwa kwa wakati kila moja kivyake.

Tuligundua siku nne kabla, tulipofungua buking yenyewe kwenye tovuti ya shirika, sehemu ya Manage Booking, kwa jina la ukoo na zile herufi sita. (Tovuti ikizikataa, mwambie wakala akupe herufi za shirika lenyewe, mara nyingi huwa tofauti na zake.) Kipande cha pili hakikuwa kimethibitishwa. Kwenye kompyuta ya wakala kilisomeka UN, maana yake safari ile haipo tena kwako. Unachotaka kuona pale ni HK, kwa kila kipande.

Tukapiga simu. Kwa kuwa mabadiliko yalikuwa ya shirika, walimhamishia ndege ya siku iliyotangulia bila kumtoza. Wengi huishia hapo, wakashukuru, wakakata simu. Usikate. Buking ikibadilishwa, tiketi nayo lazima itolewe upya ili ifanane nayo. Isipofanyiwa hivyo, jina lako litaonekana kaunta, lakini tiketi itakuwa ya ndege nyingine, na foleni nzima itakusubiri wewe. Subiri karatasi mpya, ulinganishe tarehe, saa na namba ya ndege kipande kwa kipande.

Basi fungua buking siku nne au tano kabla, wakati siti mbadala bado zipo. Hali ya ndege itazame siku moja kabla, na tena kabla ya kutoka nyumbani.

Ndege yangu inaondoka KIA tarehe 15 saa 00:40. Nifike tarehe 15 saa ngapi? (Msomaji, Himo)

Ukifika jioni ya tarehe 15 umeachwa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nenda tarehe 14, uwe uwanjani saa 3:40 usiku. Someni tiketi, jamani.

Nililipia siti ya dirishani, sasa naonyeshwa ya katikati. Nimeibiwa? (Dada wa Soweto, Moshi)

Pengine hujaibiwa, dada yangu. Wakibadilisha aina ya ndege, safu hazilingani, na mfumo hukupanga upya popote. Chagua nyingine sasa hivi. Zikiwa zimeisha, dai fedha ya siti kwa kutumia risiti yake. Anayesafiri na mtoto aangalie hili kwa makini, maana mfumo unaweza kumweka mtoto safu tano nyuma.

Zamani tulithibitisha safari kwa simu saa 72 kabla. Sheria hiyo ipo? (Mstaafu, Majengo)

Shikamoo mzee wangu. Mashirika mengi yameiacha, lakini mazoea yako ni mazuri kuliko ya hawa vijana wenye picha za skrini.

Tiketi yangu ni KIA, Nairobi, kisha Ulaya. Naweza kwenda Nairobi kwa basi kupitia Namanga nipandie pale? (Msomaji, Usa River)

Usithubutu kimyakimya. Usipotokea KIA, vipande vyote vilivyobaki hufutwa, na cha kurudi kimo. Waombe kwanza wabadilishe tiketi ianzie Nairobi, ulipe tofauti ikiwepo, upate karatasi mpya, halafu ndiyo ukate basi.