Salamu kwanza, maswali baadaye

Kwa miaka kadhaa nimekaa mapokezi zamu za usiku, kwenye kituo cha watu wasio na pa kulala. Wengi huingia wamelewa, au wanaongea maneno yasiyoshikana. Mwanzoni niliwapokea kwa maswali mfululizo: umekunywa nini, umetoka wapi, unataka nini? Aliyelewa hashiki maswali matatu kwa mpigo. Anachosikia ni kwamba anahojiwa, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Usiku mmoja aliingia mzee akiyumba, anazungumzia funguo, mara mdogo wake, mara funguo tena. Nilisimama kando kidogo, umbali wa kama mita mbili, mikono yangu ikionekana, na njia ya mlangoni nikamwachia wazi. "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliye zamu leo. Karibu ukae." Kisha nikanyamaza, nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Pombe inachelewesha maneno kuingia akilini. Ukiyabadilisha kabla hajajibu, anaanza upya kuyatafuta. Kwenye tisa hivi, akaketi.

Sikubishana naye kuhusu funguo. Nikasema, "Naona funguo zinakusumbua, mzee. Usiku huu nina maji ya kunywa na kitanda hadi asubuhi. Kuzitafuta funguo usiku huu siwezi." Akapaza sauti. Mimi nikaishusha yangu, nikarudia sentensi zilezile. Mara ya tatu akasema, "Lete maji."

Hilo la "siwezi" nililijua kwa uchungu. Kuna mtu niliwahi kumwambia "tutaona" ili atulie tu. Alisubiri hadi alfajiri, akaondoka akiniita mwongo, na alikuwa na haki.

Wakati wote huo namtazama mtu, kwa sababu si kila anayeyumba ni mlevi. Sukari ikishuka sana mwilini, kichwa kikigongwa, au kiharusi kikianza, maneno huvurugika vilevile, hata kama mtu ananuka pombe. Nikiona jeraha kichwani, jasho la baridi au uso uliolegea upande mmoja, naita gari la wagonjwa bila kusubiri.

Hata akilala, kazi haijaisha. Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo anaweza kuzidiwa akiwa usingizini, na kahawa haisaidii kitu. Namlaza ubavu ili akitapika asipaliwe, na napita mara kwa mara kumwita. Asipoitika hata nikimtikisa, au pumzi zikiachana kwa zaidi ya sekunde 10, naita gari la wagonjwa na sitoki pale alipo hadi lifike.

Yule mzee aliitika kila nilipopita, kwa hasira. Asubuhi akauliza tena funguo, safari hii kwa utaratibu. Zilikuwa za nyumba ya mdogo wake. Akanitajia namba ya simu, tukampigia.