Maswali na majibu: kuomba kikao na mteja aliyechelewa kulipa

Ankara imepita tarehe kwa siku 19. Nataka kuomba kikao bila kumuudhi mteja. Niandikeje?

Kwanza hakikisha kosa si lako. Ankara isiyo na namba ya oda ya ununuzi mara nyingi huwekwa kando na wahasibu bila wewe kuambiwa, na utaomba kikao cha kujadili uzembe wako mwenyewe. Kama iko sawa, mwandikie barua pepe aliyekupa kazi, nakala kwa mhasibu. Usimrukie ukaenda kwa mkurugenzi.

"Habari za kazi. Ankara namba 0147 ilipaswa kulipwa tarehe 1 Juni na bado hatujapokea malipo. Naomba dakika 20, Jumanne saa 4 asubuhi au Alhamisi saa 8 mchana, tuone imekwama wapi. Nimeambatanisha ankara na hati ya makabidhiano. Kama malipo yameshatoka, nijulishe tarehe tu, kikao hakitahitajika."

"Imekwama wapi" inamwachia heshima yake, maana humtuhumu. Sentensi ya mwisho inampa njia ya kumaliza jambo kabla hamjakutana, na wengi huitumia. Taja siku mbili mahususi. Ukiandika "ukipata nafasi", nafasi hiyo haitapatikana.

Niseme humo humo kwamba nitasimamisha kazi?

Hapana. Hilo ni la barua nyingine, kikao kikishindikana, na kwa notisi inayotajwa kwenye mkataba wenu.

Nimemkumbusha mara nne kwa WhatsApp, anasoma hajibu. Nifanyeje?

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara aliyeuliza hajatuma barua pepe hata moja. Anayesoma meseji yako huenda si yeye anayeidhinisha malipo, na "nakukumbusha tu ile hela" haina namba ya ankara wala kiambatisho cha kumpelekea mhasibu. Tuma ujumbe ulio hapo juu, kisha piga simu baada ya siku mbili za kazi. Na usimwandikie usiku.

Amekubali tukutane. Nianze na nini?

Uliza kama kuna chochote kwenye kazi au ankara ambacho hawakuridhika nacho, kisha nyamaza umsikilize. Akipinga sehemu, omba ile isiyo na ubishi ilipwe sasa, na hiyo nyingine mpangie siku ya kuimaliza. Akisema hela hakuna, kubalianeni awamu, kila awamu na kiasi na tarehe yake. Usitangulie kumpa punguzo: atalichukua na bado atachelewa.

Kabla ya kuondoka, pata jina la anayeidhinisha malipo na siku yenyewe. "Wiki ijayo" si tarehe. Siku hiyohiyo andika mliyokubaliana kwa barua pepe na uombe ajibu kuthibitisha. Jibu hilo, hata likiwa neno moja, ni ushahidi wa maandishi kwamba deni analitambua, na mkifikia kudaiana kisheria utalihitaji.