Ukifuta picha kwenye ChatGPT, kwenye seva inabaki?

Hapa Wete nina duka dogo la fotokopi na kutaipu. Mwezi Machi alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, cha zamani, kimeandikwa kwa mkono na wino umeshapauka. Alitaka kitaipiwe kwa Kiingereza ili kijana aombe nafasi ya masomo. Nikakipiga picha kwa simu, nikaipakia kwenye ChatGPT, na kabla ya adhuhuri kazi imekwisha. Siku mbili baadaye, tarehe 14, alipokuja kuchukua bahasha yake akaniuliza, "Mwanangu, ile picha ya cheti umeshaifuta?"

Nikamwambia, "Ndiyo, bi mkubwa, nimeshaifuta." Nilivyodhani ni kweli. Picha nilikwisha kuitoa kwenye simu, na yale mazungumzo hayakuwemo tena kwenye orodha. Alipoondoka nikaingia kuhakikisha, nikagundua kuwa siku ile nilibonyeza `Archive`, si `Delete`. `Archive` haifuti kitu. Inayaondoa mazungumzo machoni tu, na ukiingia `Settings` ukafungua `Archived chats` utayakuta yote, picha nayo imo. Cheti cha mtoto wa watu, chenye jina la baba, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, kilikuwa bado kimekaa ndani ya akaunti yangu.

Nilitaka niitoe picha peke yake niache maandishi. Haiwezekani. Picha uliyoipakia imefungamana na mazungumzo, kwa hiyo unafuta mazungumzo mazima. Kama kuna maandishi unayahitaji, yanakili kwanza mahali pengine, kisha ndiyo ubonyeze `Delete`.

Ukishabonyeza, mazungumzo yanatoweka kwenye akaunti papo hapo. Kwenye seva mambo hayaendi kwa kasi hiyo. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, inasema mazungumzo yaliyofutwa na mafaili yake hupangiwa kuondolewa moja kwa moja kwenye mifumo yao ndani ya siku 30. Mimi nilifuta tarehe 14 Machi, basi muda wangu ulikuwa unafika tarehe 13 Aprili. Siku zote hizo wewe huioni picha, lakini kwao inaweza kuwa ipo. Na hakuna kitufe cha kukuonesha seva iko vipi. Unachoweza kukihakikisha kwa macho yako ni akaunti yako tu.

Siku 30 hizo zina vizuizi vyake. Kampuni inaweza kubaki na data kwa sababu ya usalama au ya kisheria, na hili limewahi kutokea. Mwaka 2025, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya OpenAI, mahakama ya Marekani iliamuru mazungumzo yahifadhiwe, hata yale ambayo watu walikuwa wameyafuta. Wajibu huo uliendelea mpaka tarehe 26 Septemba mwaka huo. Aliyefuta picha yake katika miezi ile alifanya kila kilicho mkononi mwake, na bado hakuweza kuzihesabu siku 30 akatulia.

Kizuizi cha pili ni mafunzo. Ndani ya `Data controls` kuna swichi iitwayo `Improve the model for everyone`. Ikiwa imewashwa, unachopakia kinaweza kutumika kuifundisha programu, na kilichokwisha kutumika hakirudishwi kwa kufuta mazungumzo. Mimi nimeizima. Lakini kuizima kunalinda mazungumzo yanayokuja, si yaliyopita.

Kuna pahala pengine ambapo wengi hawapaangalii, nako ni kumbukumbu. Programu huweza kujiwekea jambo ililoliona kwenye mazungumzo, na ukifuta mazungumzo jambo lile halifutiki. Ingia `Settings`, kisha `Personalization`, utafute sehemu ya kumbukumbu, usome mstari kwa mstari na ufute kisichotakiwa. Kama akaunti yako ina sehemu ya `Library`, ifungue nayo uone hakuna picha iliyosalia. Na kwenye simu, picha uliyoifuta hukaa kwanza kwenye kapu la taka. Google Photos huiweka siku 60 ikiwa ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni.

Jioni ile ile nilikwenda nyumbani kwa yule mama nikamweleza kwamba jibu langu la asubuhi halikuwa sahihi, na kwamba picha nimeifuta leo. Akasikiliza, akauliza, "Hizo siku thalathini nihesabu kutoka lini?" Nikamwandikia tarehe nyuma ya bahasha.

Sasa hati ya mteja haifiki huko nzima. Naikata picha ibaki sehemu inayohitaji kusomwa tu. Majina na namba nayafunika kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha, nayataipu mwenyewe kwa mkono. Inaniongezea kama dakika tano kwa kila cheti.